Kumsogeza mgonjwa bila kumwinua: mwongozo wa kipindi cha saa 3 kwa wanachuo wa uuguzi

Kabla wanachuo wa mwaka wa kwanza hawajaanza mazoezi ya wodini, huwa nawauliza: ndoo ya maji ya lita 20 unaibeba? Karibu wote wanajibu ndiyo, na wengine wananiangalia kama nimewadharau, maana wameibeba tangu wakiwa shule ya msingi. Kisha nauliza: nani anakutwika? Hapo darasa linatulia.

Ndoo ikishakaa kichwani, uzito wake unashuka wima kupitia shingo na uti wa mgongo hadi miguuni, na mtu anaweza kutembea nayo mbali. Kazi ngumu ni pale unapoinama, unaishika chini ukiwa umenyoosha mikono, na kuipandisha hadi kichwani. Ndiyo maana tunamwita mwenzetu atutwike. Mgonjwa kitandani ni ndoo iliyo katika hatua ile ya kutwikwa tu, na haifiki kichwani kamwe. Uzito wake unabaki mbele yako, kwenye urefu wa mikono, huku umeinama. Tena ndoo haina hofu, haikukamati shingoni ghafla, wala haina upande mmoja uliopooza.

Kipindi hiki nimekijenga juu ya jambo hilo moja: mgonjwa hainuliwi, anatelezeshwa, na anasaidia kwa nguvu alizo nazo. Kinachukua saa 3 kwa wanachuo 24 waliogawanywa vikundi vya sita sita. Nimekifanya kwenye chumba cha mazoezi chenye vitanda viwili tu, na kimewezekana.

Vitu vya kuandaa

Tafuta kitanda kinachopanda na kushuka kwa mpini, na kingine kisichopanda, kwa sababu huko wodini watakutana zaidi na cha pili. Ongeza kiti cha magurudumu kimoja ambacho breki zake umezijaribu mwenyewe asubuhi hiyo, mashuka ya kutosha, dumu la lita 10 lililojaa maji, na mizani ndogo ya kupimia mabegi ya safari inayosoma hadi kilo 50. Utahitaji pia mifuko mikubwa mipya ya taka, ile myeusi mizito, kwa ajili ya kutelezeshea. Kama chuo kina shuka za kutelezeshea za dukani, tumia hizo.

Mwisho ni mkanda wa kushikia. Fundi cherehani anaweza kuushona kwa turubai nzito, upana wa sentimita 10, wenye bizimu imara na vishikio viwili pembeni na viwili nyuma. Ujaribu kwa kuuvuta kwa nguvu zote kabla ya kumfunga mtu.

Waambie wanachuo mapema waje na suruali na viatu visivyoteleza. Anayeogopa sketi itapanda hatapiga goti wala kupanua miguu, atainamia kiuno kipindi kizima.

Nusu saa ya kwanza: dumu na mizani

Mwite mwanachuo mmoja mbele ashike dumu la lita 10 likiwa limegusa tumbo lake. Mwulize anajisikiaje. Kisha alisogeze mbele taratibu hadi mikono inakaribia kunyooka. Baada ya sekunde chache mabega yanatetemeka na mwili unaanza kujirudisha nyuma. Mwachie aliweke mezani, usimng'ang'anize.

Sasa chora ubaoni. Kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine kuna gegedu lenye ute katikati, tunaloliita diski. Misuli inayouzuia mgongo usianguke mbele imeshika karibu sentimita 5 tu nyuma ya diski za kiunoni. Dumu likiwa sentimita 50 mbele, liko mbali mara 10 kuliko misuli, kwa hiyo misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 100 ili kuzuia kilo 10. Dumu likirudi karibu na tumbo, sentimita 20 hivi, nguvu hiyo inashuka hadi karibu kilo 40. Diski za chini kabisa ndizo zinazobanwa na nguvu hii yote, na bado hujaongeza uzito wa kiwiliwili chako mwenyewe unapoinama. Ukizungusha kiuno wakati huohuo, nyuzi za ukuta wa diski zinavutwa upande mmoja, na hapo ndipo huchanika.

Wape namba moja tu ya kukariri: kilo 16. Mwaka 2007 Thomas Waters wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, alipendekeza kwamba huo ndio uzito wa juu ambao mtu mmoja aubebe kwa mikono anapomhudumia mgonjwa, na hata huo ni pale mgonjwa anapotulia na muuguzi yuko karibu naye bila kujipinda. Kisha waache wapige hesabu wenyewe. Mguu mmoja wa mtu ni takriban asilimia 16 ya uzito wake. Kwa mgonjwa wa kilo 72, mguu mmoja ni kilo 11 na nusu. Yaani ukiinua mguu wake mmoja tu ili umfunge bandeji, umeshatumia zaidi ya theluthi mbili ya posho yako.

Hapa lazima mtu aseme, "Mwalimu, tutakunja magoti." Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Kukunja magoti ni kuzuri, lakini hakupunguzi uzito wa mgonjwa wala hakumleti karibu na tumbo lako. Mwaka 1999 William Marras na wenzake walipima nguvu inayobana uti wa mgongo wakati wa kumhamisha mgonjwa kwa mikono, wakakuta kwamba hata watu wawili wakisaidiana hatari bado ni kubwa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kufundisha mkao wa mwili peke yake hakupunguzi maumivu ya mgongo kwa wauguzi. Kwa hiyo kipindi kinachoishia kwenye "nyoosha mgongo, kunja magoti" kinawapa wanachuo ujasiri wa kuinua kitu ambacho hawakupaswa kukiinua.

Malizia nusu saa hii kwa mizani. Mlaze mwanachuo mmoja kitandani juu ya shuka ya katikati, ile fupi inayotandikwa kutoka mabegani hadi mapajani. Funga mizani kwenye pindo la shuka upande wa kichwani na uvute taratibu, ukisoma namba kubwa kabisa kabla mwili haujaanza kusogea. Rudia huku mfuko wa taka ukiwa chini ya shuka ile. Rudia tena huku mlalaji amekunja goti moja na anasukuma kwa mguu. Mara ya kwanza mizani inaweza kufika mwisho kabla mtu hajasogea. Acheni kuvuta hapo na muandike ubaoni "zaidi ya 50". Namba zenu zitategemea godoro na shuka, lakini tofauti kati ya mara tatu hizo itakuwa kubwa, na wanachuo wataikumbuka kuliko mchoro wowote.

Saa ya kazi yenyewe: mzee aliyeteleza kitandani

Kati ya miondoko yote nimechagua huu ndio uchukue muda mrefu, kwa sababu hurudiwa mara nyingi kwa zamu na hakuna anayeuhesabu kama kazi nzito.

Mpe mlalaji jukumu. Ni mzee wa kilo 72, kiharusi kimempooza upande wa kushoto, anaelewa anachoambiwa. Alikalishwa asubuhi anywe uji, na sasa ameteleza hadi nyayo zinagusa chuma cha miguuni. Kitanda hakipandi. Wanachuo wawili wako zamu.

Waulize kwanza: mkimwinua nyinyi wawili, kila mmoja anabeba kilo ngapi? Kilo 36, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Wakiwa wanne je? Kilo 18 kila mmoja, bado wamepita. Hesabu hii fupi inafunga mjadala wa kuongeza watu ili wambebe juujuu. Watu wa kuongezwa wanakuja kuvuta na kuongoza.

Kabla ya kumgusa, wanachuo waongee na mgonjwa na wajibu maswali manne kwa sauti: anaelewa maagizo? Anaweza kuinua makalio mwenyewe? Ana mrija, dripu, kidonda au maumivu sehemu gani? Nafasi kuzunguka kitanda inatosha? Sikiliza wanavyoongea. Anayefanya vizuri husikika hivi:

"Shikamoo mzee. Naona umeteleza, tunataka tukupandishe juu kidogo. Mkono huu wa kulia una nguvu? Hebu kunja goti la kulia tuone. Safi. Nikihesabu moja, mbili, sogea, kwenye 'sogea' usukume godoro kwa mguu huo."

Kisha hatua zifuate kwa mpangilio huu.

1. Lazeni kitanda kiwe bapa. Kumvuta mtu wakati kichwa cha kitanda kimeinuliwa ni kumpandisha mlima. Mgonjwa anayebanwa na pumzi alazwe kwa muda mfupi kadiri anavyovumilia, na anayelishwa kwa mrija, chakula kisimamishwe kwanza. Fungeni breki. Toeni mto, muusimamishe kwenye ubao wa kichwani ili kichwa kisigonge.

2. Mkunjieni goti la kushoto, mkono uliopooza uwekwe tumboni na yeye mwenyewe aushike kwa mkono wa kulia. Mwanachuo wa upande wa kulia anashika bega na nyonga, anajirudisha nyuma kwa uzito wa mwili wake, na mzee anageuka ubavu. Wa upande wa pili anatandika shuka ya katikati iliyoviringishwa nusu, mfuko ukiwa chini yake, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Mgonjwa anarudishwa chali na shuka inatandazwa upande wa pili. Mfuko usifike kwenye nyayo. Mguu wa kulia ukikanyaga plastiki utateleza, na ule msaada wa mgonjwa mnaoutegemea utapotea.

3. Kila mwanachuo anasimama usawa wa nyonga za mgonjwa, akiangalia upande wa kichwani. Mguu ulio mbali na kitanda unatangulia, ulio karibu unabaki nyuma. Viringisheni pindo la shuka hadi ngumi ziguse mwili wa mgonjwa, ngumi moja usawa wa bega na nyingine usawa wa nyonga. Viwiko vibaki ubavuni.

4. Kwa kuwa kitanda ni kifupi, pigeni goti lililo karibu na kitanda juu ya ukingo wa godoro, kwenye taulo safi. Wapo wakufunzi wasioupenda mkao huu kwa sababu ya usafi, na hoja yao naielewa. Mimi huuruhusu kwenye kitanda kisichopanda, kwa sababu bila goti hilo mwanachuo mrefu anainama karibu nusu ya mwili wake. Kitanda kikiwa kinapanda, kiinueni hadi usawa wa nyonga za aliye mfupi kati yenu, na magoti yabaki chini.

5. Mmoja tu ndiye anayehesabu. Mzee anainamisha kidevu kifuani, anakunja goti la kulia. "Moja, mbili, sogea." Mnahamisha uzito wa miili yenu kuelekea kichwani, na shuka inateleza juu ya godoro bila kunyanyuka. Fanyeni mara tatu fupi badala ya moja ndefu.

6. Vuteni mfuko utoke kwa kuukunja chini yake mwenyewe kutoka kona moja, bila kumgeuza tena. Mfuko usibaki kitandani hata kwa dakika tano. Unamtokesha jasho, na atateleza nao hadi sakafuni. Mfuko mmoja ni wa mgonjwa mmoja, kisha unatupwa.

Wengi wanaishia hapo, lakini hatua ninayoithamini kuliko zote inafuata baada ya hizo. Kagueni kama nyonga zake zimekaa pale kitanda kinapokunjika. Inueni kwanza sehemu ya magoti, au wekeni mto chini ya mapaja, halafu ndipo muinue kichwa. Mgonjwa aliyeinuliwa kichwa bila magoti ataanza kuteleza tena mara moja, na kabla ya zamu kuisha mtakuwa mmemvuta mara nyingine mbili.

Ukiwa umesimama pembeni, utajuaje kwamba mwondoko umeharibika? Angalia visigino vya mgonjwa na makalio yake. Shuka ikisogea huku makalio yamebaki, ngozi ya juu ya mfupa wa kiunoni inavutwa kinyume na nyama ya ndani, na kidonda cha kitandani huanzia hapo. Sikiliza pumzi ya mwanachuo: akiibana na kutoa mguno, anainua. Tazama pia mabega yake, yakipanda kuelekea masikioni ujue anavuta kwa mikono. Simamisha papo hapo, usingoje amalize.

Na mikono isiingie kwapani. Ule mtindo wa kumkwida mgonjwa makwapa, mmoja huku na mwingine kule, na kumburuta, ndio uliouumiza mgongo wangu nikiwa mwaka wa pili, zamu ya usiku, kwenye wodi ambayo sitaitaja. Unakulazimisha uiname huku umejipinda, uzito wote ukiwa kwenye mkono mmoja. Kwa mzee wetu ni mbaya maradufu, kwa sababu bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia na linaweza kuchomoka.

Kutoka kitandani kwenda kwenye kiti

Mwondoko huu ufundishwe kwa dakika 40. Sharti lake ni moja: mgonjwa awe anaweza kukanyaga na kubeba sehemu ya uzito wake. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, mwulize kama anasikia kizunguzungu, kisha anyooshe goti moja mbele na kulishikilia hewani. Akishindwa kwa miguu yote miwili, msimsimamishe. Mtelezesheni kwenye machela kwa shuka na mfuko.

Akiweza, kiti kinawekwa upande wake wenye nguvu, kimeinamia kitanda kidogo, breki zimefungwa, vikanyagio vimeondolewa njiani. Nyayo zake zirudi nyuma hadi ziwe chini ya magoti. Mkanda unafungwa kiunoni juu ya nguo, isipokuwa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni au mwenye mrija hapo. Halafu mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Mtu hawezi kusimama akiwa amejiegemeza nyuma, na wanachuo wengi humvuta juu mgonjwa ambaye angesimama mwenyewe kama wangemwacha ainame. Mwanachuo anashika vishikio vya mkanda, goti lake likizuia goti dhaifu la mgonjwa. Wanageuka kwa hatua ndogo ndogo, nyayo zikitembea, kiuno kisipinde.

Mgonjwa asikushike shingo. Mwelekeze aweke mkono wenye nguvu kwenye mkono wa kiti ulio mbali. Akianza kuanguka, usimdake. Mkaribie, mwongoze ateleze kwenye mwili wako hadi chini, ukilinda kichwa chake. Najua inauma kumwacha mgonjwa afike sakafuni, na wapo wanaolia wanapolifanya zoezi hili. Lakini mtu wa kilo 72 anayeporomoka hazuiliki kwa mikono, na ukijaribu mtakuwa wagonjwa wawili.

Mazoezi ya mdomo

Dakika 20 za mwisho hakuna anayemgusa mtu. Mmoja anaigiza muuguzi wa zamu aliyezidiwa na kazi, mwingine mwanachuo aliyeagizwa, "Mpandishe yule mzee, fanya haraka, daktari anakuja." Wanachuo wa kwetu hawawezi kumjibu mkubwa "hapana", na kuwafundisha hivyo ni kuwapa silaha wasiyoithubutu. Wafundishe sentensi inayopitika: "Sawa sista. Naomba mwenzangu mmoja na shuka ya kati, dakika mbili tutakuwa tumemaliza." Imebeba utii, ina ombi, na inataja muda. Warudie mpaka itoke bila kusita.

Zungumza pia kuhusu ndugu wa mgonjwa, ambao mara nyingi ndio mikono iliyopo. Ndugu anaweza kumshika mgonjwa mkono, kumtuliza, kushikilia dripu na kuweka mto. Asivute shuka kama hajafundishwa hesabu ya "moja, mbili, sogea", kwa sababu anayevuta kabla ya wenzake ndiye anayemwachia mwingine uzito wote.

Baada ya kipindi

Upimaji ufanyike wodini, wiki ya pili ya mazoezi, bila kutangaza. Simama mbali na uangalie mambo matatu: alilaza kitanda kabla ya kuvuta? Alizungumza na mgonjwa kabla ya kumgusa? Aliinua magoti kabla ya kichwa? Aliyekosa moja arudie palepale na mgonjwa huyohuyo mara nyingine anapohitaji kupandishwa, ukiwa pembeni yake.

Mwanachuo akiumia mgongo, aandike kwenye kitabu cha matukio siku hiyohiyo: saa, mwondoko, kitanda kilikuwa na urefu gani, walikuwa wangapi. Maumivu ya misuli ya kawaida hupona vizuri zaidi mtu akiendelea kutembea na shughuli nyepesi kuliko akilala siku nzima. Lakini maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu wa unyayo, amwone daktari mapema. Na akipata ganzi sehemu anazokalia au karibu na sehemu za siri, au akishindwa kukojoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inabanwa na inaweza isirudi tena.